Mama zangu, "nane" ya fundi na "nane" ya karatasi si moja (Sehemu ya 6)

Leo naomba tuache homa na chanjo, tuongelee rampu, ule mteremko wa zege wa kupandishia kiti cha magurudumu mlangoni.

Kuna dada mmoja, mimba ya miezi saba, ana mtoto wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto na kiti chake ni kama kilo 50. Hospitali walimwandikia kwenye karatasi: "Rampu, mteremko 8." Basi. Fundi akafungua simu yake yenye kipimo cha mteremko, akamimina zege mpaka simu ikasoma 8. Rampu nzuri, imenyooka. Siku ya kwanza kumshusha mtoto, kiti kikamvuta mama mpaka chini. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyeumia.

Fundi hakukosea kazi. Karatasi ilimaanisha asilimia 8, simu yake ilikuwa inasoma digrii 8. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Asilimia ni hivi: ukienda sentimita 100 mbele, unapanda sentimita ngapi? Ukipanda 8, ni asilimia 8. Digrii yenyewe ni pembe. Asilimia 100 siyo ukuta uliosimama, ni digrii 45 tu, kwa sababu umeenda mita moja na kupanda mita moja. Kwa miteremko midogo kama yetu, chukua digrii uzidishe kwa 1.75, unapata asilimia kwa ukaribu. Digrii 8 mara 1.75 ni 14. Yaani yule dada alijengewa asilimia 14! Kwa asilimia 8, kilo 50 zinamvuta kama kilo 4. Kwa 14, zinamvuta kama kilo 7. Sasa weka na mimba, weka na zege lililolowa mvua.

Tuhesabu pamoja urefu. Kizingiti chake kiko sentimita 45 juu ya ardhi. Gawa kimo kwa asilimia: 45 ÷ 0.08 = 562, yaani mita 5 na sentimita 62. Ya fundi ilikuwa 45 ÷ 0.14, mita 3 na sentimita 20 hivi. Ukiona rampu fupi hivyo kwenye kimo hicho, ujue kuna shida kabla hata hujaipima.

Ila angalia unapopimia kimo. Usipime pale chini ya mlango. Pima kwa usawa wa ardhi pale rampu itakapoishia. Uwanja ukishuka sentimita 5 zaidi, kimo ni 50, na urefu unafika mita 6 na robo. Fundi ana mpira wa maji, mwambie autumie.

Rampu ilishajengwa? Chukua ubao ulionyooka wa mita moja na pima maji. Weka ncha moja juu ya rampu upande wa kupanda, inua ncha ya upande wa chini mpaka ubao ulale sawa, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Sentimita 8 ni asilimia 8. Kwa yule dada tulipata 14.

Najua mtasema, "Nesi, uwanja wenyewe uko wapi?" Yeye ana mita 5 tu mpaka geti. Jibu ni kukunja: mita 2.8, halafu sehemu tambarare ya mita moja na nusu ya kugeuzia kiti, kisha mita 2.8 kurudi upande wa nyumba. Ni zege zaidi, sikatai. Lakini ile fupi imevunjwa, kwa hiyo amelipa mara mbili.

Na hiyo 8 ni mwisho, siyo lengo. Viwango vingi, vikiwemo vya Marekani, vinasema kupanda 1 kwa kwenda 12, yaani asilimia 8.3, usizidishe hapo. Mwenye nafasi aende asilimia 5. Kwa kimo kile ni mita 9, na kusukuma kunakuwa rahisi zaidi.

Maoni yangu, na wenzangu wa kazini mtanisamehe: kosa ni letu sisi tunaoandika karatasi. Namba bila neno "asilimia" au "digrii" ni kama kuandika dawa "5" bila kusema vidonge au mililita. Tuandike urefu kabisa: "Kimo sentimita 45, rampu mita 5 na sentimita 62." Fundi ana tepu, hahitaji kukisia.

Na wewe mama, ukipewa karatasi yenye namba tupu, usiondoke dirishani. Uliza: nane ya nini?