King'ora kikilia kati ya Vurra na Oraba, upishe upande gani?

Barabara ya lami inayotoka Vurra, mpakani mwa Kongo, na kupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92 hivi. Inatumiwa na madereva wa nchi tatu ambao hawakufundishwa kushika upande mmoja. Uganda hushika kushoto, desturi iliyoachwa na Waingereza. Kongo hushika kulia tangu enzi za Wabelgiji. Sudan Kusini nayo hushika kulia, kwa kuwa Sudan ilihamia upande huo mwaka 1973, wakati kusini na kaskazini zilikuwa bado nchi moja.

Siku ya kawaida dereva mgeni hujirekebisha kwa kulifuata gari lililo mbele yake. Lakini king'ora kinapolia ghafla nyuma yake, mazoea hutangulia fikra, naye huukata usukani kuelekea kulia kama afanyavyo kwao. Katika ardhi ya Uganda huo ni upande wa magari yanayokuja, na ndio upande ambao gari la wagonjwa linautumia kupita.

Tuchukue mfano. Gari la wagonjwa limetoka Koboko likimpeleka mama mwenye uchungu wa kujifungua katika Hospitali ya Rufaa ya Arua. Linakwenda kilomita 80 kwa saa. Mbele yake kuna lori linalokwenda kilomita 50, na nyuma ya lori kuna bodaboda yenye abiria wawili. Iwapo dereva wa lori atakisikia king'ora kikiwa umbali wa mita 100, ana takriban sekunde 12 kabla ya kufikiwa. Muda huo unatosha kutazama vioo vya pembeni, kuwasha taa ya ishara ya kushoto, kupunguza mwendo kidogo kidogo na kusogea ukingoni. Akifunga breki papo hapo, bodaboda itamgonga kwa nyuma. Akisogea kushoto bila kutazama, atawakuta watembea kwa miguu na wenye baiskeli, ambao kwao ule ukingo ndio njia. Na ikiwa usukani wa lori uko kushoto, dereva huuona ukingo vizuri lakini upande wa kulia humfichika. Anapaswa kukitegemea kioo cha kulia kabla ya hatua yoyote.

Kuna mahali ambapo kusimama mara moja ni kosa. Kwenye kona, kileleni mwa kilima au juu ya daraja jembamba, gari lililosimama humlazimisha dereva wa gari la wagonjwa kulipita bila kuona kinachokuja. Ni afadhali kuendelea kwa mwendo ule ule hadi barabara inyooke, kisha kupisha. Kwenye mzunguko, aliye nje asiingie. Aliyekwisha kuingia atoke kwa njia aliyoikusudia, ndipo asimame mbele kidogo.

Swali gumu zaidi ni la taa nyekundu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka kila mtumiaji wa barabara aliachie nafasi gari la dharura na, ikilazimu, asimame. Dereva wa gari hilo ndiye anayeruhusiwa kuvuka masharti mengine, naye kwa sharti kwamba asiwahatarishe watu. Ruhusa hiyo haihamii kwa anayepisha. Anayevuka taa nyekundu ili kutoa njia anaweza kukutana katikati ya makutano na gari lenye haki ya kupita. Mfumo wa faini za kamera, ambao Uganda iliuanzisha Juni 2025 na kuusitisha siku chache baadaye, umeonyesha kwamba suala hili si la nadharia tu: kamera huinasa namba ya gari, haisikii king'ora.

Kwa maoni yangu, kinacholegeza zaidi nidhamu hii ni ving'ora vya msafara usio na dharura. Dereva aliyesukumwa pembeni mara nyingi kwa ajili ya mtu anayewahi mkutano huanza kusitasita. Hata hivyo, akiwa barabarani hana njia ya kutambua ni king'ora kipi cha kweli, na anayeumia kwa kusita kwake ni yule mama wa Koboko.

Gari likishapita, wengi hurudi barabarani mara moja, na baadhi ya bodaboda hujipachika nyuma yake ili zinufaike na njia iliyofunguliwa. Gari la zimamoto mara nyingi hufuatwa na la polisi, na huenda la wagonjwa likawa la tatu. Watu wanaotega masikio kwa king'ora kinachotokomea mbele hawakisikii kile kinachokuja nyuma. Kwa hiyo lori letu libaki ukingoni, dereva atazame kioo cha kulia, awashe taa ya ishara ya kulia, na arudi barabarani pale tu anapoona nyuma ni peupe.