Hoteli ya Kindu isilipie matokeo ya Maniema Union

Mwenye nyumba ya wageni pale Kasuku akiweka dola 2 kwa siku kwenye matangazo ya Google, mwisho wa mwezi zimekwisha dola 60. Kama chumba chake ni dola 30, hizo ni usiku mbili za mgeni. Pesa hiyo inaweza kumletea wateja, na inaweza pia kuliwa na watu ambao hawana habari ya kulala Kindu. Mara nyingi tofauti inatoka kwenye alama ndogo alizoweka, au aliyosahau kuziweka, kando ya maneno yake.

Tuelewane kwanza. Ndani ya Google Ads wewe unaandika maneno yako, mteja naye anaandika ya kwake akitafuta, halafu Google ndiyo inaamua kama yanalingana. Ukiandika `hôtel kindu` bila alama yoyote, umechagua ulinganisho mpana. Ukiandika `"hôtel kindu"`, umeomba kwamba maana ya maneno yako iwe ndani ya maneno ya mteja, hata akiongeza mengine. Ukiandika `[hôtel kindu]`, unaomba maana ile ile, bila nyongeza inayoibadilisha.

Sisi tunaotumia skrini ya Kifaransa tuna mtego wetu hapo. Ulinganisho mpana unaitwa `Requête large`, wa pili `Expression exacte`, wa tatu `Mot clé exact`. Mtu anaona neno `exacte` kwenye ule wa pili anadhani amefunga mlango. Hapana, huo ni wa katikati tu. Hata ule wa tatu haukufungi kwa herufi: tangu 2018 Google inahesabu maneno yenye maana moja kuwa sawa, kwa hiyo anayetafuta `hôtels à kindu` atakuona. Zamani palikuwa pia na alama ya kujumlisha, `+hôtel +kindu`, iliyolazimisha maneno yote mawili yawepo. Iliondolewa 2021, na kazi yake ikahamia kwenye ulinganisho wa katikati. Ukikuta video ya zamani inayokufundisha kujumlisha, iache.

Ulinganisho mpana hauangalii maneno yako peke yake. Unaangalia pia ukurasa wako, maneno mengine uliyoweka kwenye tangazo, hata mambo ambayo mtafutaji alitafuta muda mfupi kabla. Ndiyo maana neno `hôtel kindu` linaweza kuvuta anayetafuta `logement kindu`, na huyo ni mteja wa kweli. Linaweza kuvuta pia `maison à louer kindu`, `vol kindu kinshasa`, `hôtel goma`, au kijana anayetafuta kazi ya hoteli. Ukiandika `hôtel maniema` hatari inaongezeka, maana kwa watu wengi wa nje ya jimbo letu neno Maniema ni mpira: AS Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025. Mwenye magari ya kwenda Kasongo naye akae macho. Kasongo ni mji wetu, lakini ni jina la familia nyingi, na ni wimbo wa Orchestra Super Mazembe.

Sasa tuangalie pesa. Hesabu hii ni ya mfano, namba nimeziweka mimi ili jambo lionekane. Mwezi wa kwanza, kwa ulinganisho wa katikati, hoteli inapata kliki 80 kwa senti 30 kila moja. Ni dola 24, na watu 8 wanapiga simu. Kila simu imegharimu dola 3. Mwezi wa pili mwenye hoteli anaondoa alama. Kliki zinapanda hadi 400 na bei inashuka hadi senti 15. Anafurahi: bei imegawanyika mara mbili! Lakini ametumia dola zote 60, na simu zimekuwa 10. Kila simu sasa ni dola 6.

Na hata hiyo dola 6 inaficha kitu. Zile simu 8 angezipata kwa dola 24 kama mwanzo. Dola 36 za nyongeza zimemletea simu 2 tu, yaani dola 18 kwa simu moja. Kama katika watu watatu wanaopiga simu mmoja ndiye anayekuja kulala, mgeni wa nyongeza amegharimu dola 54 za tangazo, kwa chumba cha dola 30. Bei ya kliki ilishuka kwa sababu mchanganyiko wa maneno ulibadilika: yaliingia maneno ambayo hoteli nyingine hazishindanii, na mengi hayashindaniwi kwa sababu hayaleti mgeni.

Washauri wa matangazo husema: fungua mpana, mashine itajifunza yenyewe nani ni mteja. Google nayo inapendekeza mpana uende pamoja na mfumo wake wa kupanga bei. Mimi sipingi kwamba inafanya kazi kwa duka linalouza mtandaoni, ambapo mashine inaona kila malipo. Mgeni wa Kindu anapiga simu, au anaandika WhatsApp, kisha analipa mkononi akifika. Google haioni chochote kati ya hayo. Unaweza kuiambia ihesabu wanaobonyeza kitufe cha simu kwenye ukurasa wako, na ni vizuri kufanya hivyo, lakini simu 8 au 10 kwa mwezi ni mafunzo kidogo mno kwa mashine hiyo.

Kuna upande mwingine nisioweza kuuficha. Ukifunga sana katika mji kama wetu, tangazo linakufa. Neno linapotafutwa na watu wachache mno, Google inaandika `Faible volume de recherche` na inalisimamisha. Kwa hiyo ningeanza na ulinganisho wa katikati, kwa `"hôtel kindu"`, `"logement kindu"` na `"guest house kindu"`, bila kuwasahau wanaotafuta wakiwa Goma au Kinshasa, kwa kuwa mwenye kulala hotelini kwa kawaida hakai hapa. Mpana ningeutumia wiki moja, kwa dola chache, kama wavu wa kujua watu wanaita vipi chumba cha kulala, halafu ningeutoa.

Katika wiki hiyo, fungua ripoti ya `Termes de recherche` kila siku. Yasiyokuhusu yapeleke kwenye `Mots clés à exclure`, ukijua kwamba huko Google haikusaidii kwa maana: ukizuia `emploi`, neno `recrutement` linapita, na hata `emplois` lazima uliandike lenyewe. Kisha jumlisha kliki za maneno unayoyaona, ulinganishe na jumla ya kliki ulizolipia. Tangu Septemba 2020 ripoti haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache, na huku kwetu karibu kila neno linatafutwa na wachache. Kama umelipia kliki 400 na unaziona 150, basi 250 hujui zilikuwa za nini, na hakuna orodha ya kuzuia itakayozifikia. Hapo kilichobaki ni kurudisha alama.