Baio Inasema Lugha Tano, Mdomo Unatoa Mbili na Nusu

Jamani, leo sitaji jina la mtu. Anayejijua atajijua. Ila hizi baio za mastaa wetu zimenichosha: mshereheshaji, mtangazaji, mwanamitindo, wote wanaandika "Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina", zote mstari mmoja, zote "fasaha". Ukisoma unadhani Umoja wa Mataifa umehamia Sinza.

Kuna dada mmoja mshereheshaji, mzuri tu kwenye Kiswahili chake, alipewa hafla ya kampuni yenye wageni kutoka Kinshasa. Waandaaji walikuwa wanaongea na mkalimani, wakamwacha, maana baio ya dada inasema Kifaransa fasaha, kwa hiyo wanalipa mtu mmoja badala ya wawili. Salamu alizitoa vizuri, hotuba iliyoandikwa akaisoma bila kukwama. Kisha mgeni akasimama bila karatasi, akataja mchango wa dola elfu tisini. Sasa, Wakongo wana neno moja fupi la tisini, walilorithi kwa Wabelgiji, wakati Kifaransa cha Paris kinasema "nne ishirini na kumi". Dada alifundishwa hicho cha Paris. Akatangaza elfu tisa. Meza ya wageni ikanuna, na aliyeokoa jahazi ni mzee mmoja mzaliwa wa Lubumbashi, aliyesimama akasahihisha kwa Kiswahili!

Mtasema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya hata kidogo. Yule dada anasoma Kifaransa kwa sauti na anasalimia. Hicho ni kitu, na kina bei yake, ila si ufasaha. Mtu fasaha anaongea asichokiandaa. Atakosea sarufi hapa na pale, lafudhi itamsaliti, lakini ukimwambia shughuli imechelewa dakika arobaini, waeleze wageni na uwatulize, atawaeleza na watacheka. Ukitaka kumpima mtu usimwombe ajitambulishe, hiyo kila mtu ameikariri. Mpe jambo la ghafla, arekodi sauti dakika mbili, akutumie hapo hapo.

Halafu kuna lugha ya kazi, ambayo watu wanaikimbia kama tusi. Nenda Zanzibar, ziara ya viungo, umsikilize kijana anavyowaeleza Waitaliano karafuu na mdalasini. Utamu mtupu! Mgeni huyohuyo akiumwa tumbo usiku, akaanza kumweleza daktari maumivu yalivyo, kijana anaishia hapo. Kiitaliano chake kina uzio, na ndani ya uzio ni mfalme. Sasa kwa nini asiandike "Kiitaliano cha kuongozea watalii"? Mwenye hoteli anayemtaka kwa kazi hiyo atamlipa vizuri, na hakuna atakayempeleka hospitalini kukalimani.

Hata "lugha mama" tunaidanganyia. Mtu kazaliwa na kukulia Dar, bibi yuko Machame, yeye anaelewa akiitwa kula na akigombezwa, anajibu kwa Kiswahili. Baio: "Kichaga, lugha ya asili". Asili yako ni kweli, mpenzi, hakuna anayekunyang'anya ukoo. Ila tangazo la redio la kule huwezi kulisoma, na mtu wa Rombo akikuongelesha cha kwao ndiyo utapotea kabisa. Andika unaelewa, huongei. Maneno mawili tu.

Mnaoona hii ni kujishusha, tazameni wakalimani wa mikutano. Chama chao cha kimataifa, AIIC, kinapanga lugha kwa herufi tatu. A ni lugha yako mwenyewe. B si ya kwako, lakini unaimudu kiasi cha kukalimani kuingia humo. C unaielewa kikamilifu, unakalimani kutoka humo tu, kuingia huthubutu. Mtu anayekula kwa lugha maisha yake yote anaandika C bila aibu, na wewe wa kozi ya miezi mitatu unaandika fasaha?

Eti "baio ni tangazo tu, kila mtu anatia chumvi." Chumvi gani hiyo? Yule mkalimani aliyeachwa alikosa hela ya siku nzima. Siku ile baio ndiyo ilikuwa mkataba.

Na kinachoniuma zaidi ni upande wa pili. Namfahamu dada wa mapokezi, miaka anapatanisha wageni wenye hasira kwa Kiingereza na barua za malalamiko anazijibu mwenyewe. Kwenye wasifu wake kaandika "Kiingereza kidogo", kisa haongei kama wale wa shule za kulipia. Kazi ya usimamizi aliiomba, hakuitwa hata usaili. Dada, futa hilo "kidogo" leo. Andika: "Kiingereza fasaha, kuongea na kuandika, napokea wageni na kujibu malalamiko."