Mama mdogo, hilo usilibandike

Saa nne usiku simu yangu ilianza kutetemeka mfululizo. Alikuwa mama mdogo, ambaye ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne huku Diani, upande wa pili wa barabara ya ufuoni. Kanitumia picha ya maoni aliyoandikiwa Google na mgeni aliyeondoka wiki hiyo, na chini yake jibu lake mwenyewe. "Nisomee kwanza," akasema, "halafu nibandike."

Mgeni alikuwa ametoa nyota moja. Kaandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii: maji yalikatika siku mbili, wakaoga kwa ndoo, yaliporudi yalikuwa ya chumvi, walipoomba punguzo, mwenye nyumba aliwakaripia. Mwisho: hawa ni wezi, msiende.

Na jibu la mama mdogo nalo hili hapa:

"Wewe ni muongo. Mlilipia watu wawili mkaja watano, ndio maji yakaisha. Umeme ulipotea Ukunda nzima, si kwangu tu. Nimekubebea ndoo mwenyewe na mgongo wangu huu. Umelipa nusu, nyingine nakudai mpaka leo. Risiti ya M-Pesa hii hapa, na nambari yako watu wakujue. Wageni kama nyinyi hatuwataki."

Nikamwambia, mama mdogo, hilo usilibandike. Akaniuliza niko upande wa nani.

Jibu la aina hii husomwa na nani? Yule mgeni ameshaondoka, na hasira yake ameitua. Anayesoma ni mtu wa tatu: mama mmoja yuko Nairobi au Munich, anatafuta pa kulala yeye na watoto, na amefungua kurasa za nyumba tano kwa pamoja. Huyo hajui nani alibeba ndoo. Anataka kujua mambo mawili tu: maji yapo, na nikilalamika nitatukanwa? Jibu la mama mdogo halikumjibu la kwanza, na la pili lilimjibu vibaya.

Basi tukakaa kwenye simu, tukalipitia jibu sentensi moja moja. Kila sentensi nilimuuliza: hili ni kweli, na ni la nani?

Tulianza na maji, maana ndiyo yaliyomuudhi mgeni. Nyumba yake, kama nyingi za Diani, inategemea kisima kilichochimbwa uani, na pampu inasukuma maji hadi kwenye tangi la juu. Tangi lilikuwa moja, la lita 1,000. Mgeni anayeoga bomba la mvua na kutumia choo cha kuvuta humaliza lita 100 kwa siku bila kujitambua. Siku ile nyumba ilikuwa na watu kumi na wawili. Piga hesabu: lita 1,200 zinahitajika, na zilizopo ni 1,000. Umeme ukipotea pampu imelala, na jioni haijafika tangi limekauka. Hata wangekuja wale wawili tu walioandikishwa, tangi lingemaliza siku ya kwanza kwa taabu, na ya pili lisingeiona. Kwa hiyo "mlikuja watano" ni kweli, lakini sicho kisa. Mama mdogo alinyamaza hapo kidogo.

Chumvi nayo ni kweli. Sisi wa hapa tumezoea, hata chai tunaijua kwa ladha yake. Mgeni hajui, na hakuna aliyemwambia.

Kukaripia? "Sikumkaripia," akasema, "nilimwambia tu hajui shukrani." Haya.

Lililobaki ni deni na nambari ya simu, na hapa nilikaza. Kuanika jina, nambari au risiti ya mteja hadharani si ukali tu, ni jambo la kisheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Casa Vera, baa ya Nairobi, shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Faini hiyo ingejenga bafu zote za mama mdogo upya. Deni ni lake kulidai, ila alidai kwenye simu, au kwa mzee wa mtaa, au mahakama ya madai madogo. Lisikae pale wageni wanapochagua chumba. Msomaji ataona mwenye nyumba anayefichua wateja, hataona mdaiwa.

Tulipofika mwisho akaniambia, "Basi andika tumeshanunua tangi la pili." Nikamuuliza, mmenunua? "Tutanunua." Nikakataa. Jibu hukaa pale miaka, na mgeni wa mwezi ujao akikuta tangi ni lile lile moja, ataandika kwamba mliahidi mkadanganya, na hapo hakuna maneno ya upole yatakayokuokoa. Tukangoja siku nne. Jumatatu tangi likapanda juu, jioni jibu likabandikwa, kwa Kiingereza kama lilivyokuwa lalamiko:

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Ni kweli maji yalikatika siku mbili mlipokuwa kwetu. Umeme ulipotea, pampu ya kisima ikazimika, na tangi letu moja halikutosha nyumba iliyojaa. Leo tumeweka la pili, la lita 2,000. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Tulipaswa kuwaambia mapema, na sasa tumeandika kwenye ukurasa wetu. Mlipoomba punguzo nilijibu kwa ukali. Samahani. Mengine nimekuandikia kwa simu."

Neno "wezi" hatukuligusa. Ukilikana, msomaji hulisoma mara mbili. Na hatukumwahidi mgeni punguzo ili abadilishe nyota, ingawa binamu yangu alishauri hivyo. Google inakataza kununua maoni, iwe kwa pesa au kwa chumba cha bure.

Si kila lalamiko lina tangi nyuma yake. Jamaa yangu wa mashua kule Shimoni alipewa nyota mbili kwa sababu wageni hawakuona pomboo Kisite. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Pomboo si mbuzi wangu nimfunge kamba." Lilinichekesha, nikatamani tuliache. Tukaandika badala yake kwamba pomboo ni wa porini na hakuna nahodha anayeweza kuwaahidi, na kwamba wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na kuwaona huwa kazi. Hapo hakuna cha kuomba radhi, na radhi ya uongo ingewafanya wageni wajao wadhani pomboo ni sehemu ya tikiti. Na kuna maoni ya mtu ambaye hakufika kabisa: ukitafuta kwenye daftari na kwenye M-Pesa hakuna tarehe wala jina linalofanana, mwandikie kwamba humpati kwenye kumbukumbu zako, mwombe tarehe ya kufika, kisha ripoti maoni hayo kwa Google. Usimwite tapeli. Mara nyingine chumba kililipiwa kwa jina la shemeji yake.

Mgeni wa mama mdogo hajabadilisha nyota yake, na nusu ya pesa hajalipa. Lakini juzi familia moja ya Nakuru iliuliza chumba, na swali lao la kwanza lilikuwa kama lile tangi la pili lipo kweli. Mama mdogo alipanda ngazi na mgongo wake ule, akalipiga picha, akawatumia.