Nyalikungu: Kabla ya kuchimba shimo la maji ya mvua, uliza udongo kwanza

Maswa. Mvua kubwa ikipiga Nyalikungu, kata yenye mji wa Maswa mkoani Simiyu, maji ya bati hayakai uani kwa mwenye nyumba. Yanakimbilia kwa jirani, na hapo ndipo lawama zinapoanza. Ushauri wa haraka wa mafundi wengi ni mmoja: chimba shimo, jaza mawe, maji yatazama yenyewe.

Ushauri huo ni sahihi kwa kiwanja kimoja na ni hasara tupu kwa kingine, hata kama viko mtaa mmoja.

Sababu ni udongo. Wasukuma wameupa majina tangu zamani: kwenye miinuko kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji. Ukishuka bondeni unakuta mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaonata kwenye viatu. Mpangilio huu wa udongo kubadilika kadiri mteremko unavyoshuka ndio ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliupa jina la kitaalamu la katena miaka ya 1930.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo linashusha lita 4,000.

Shimo lililojazwa mawe halibebi maji kwa ujazo wake wote, kwa sababu nafasi iliyo katikati ya mawe ni kama asilimia 40 tu. Kwa hiyo lita 4,000 zinahitaji shimo la mita za ujazo 10: urefu mita 2.5, upana mita 2 na kina mita 2.

Kwenye luseni inayonyonya milimita 25 kwa saa, shimo hilo litakauka kwa takriban saa 18. Mvua ya kesho italikuta tupu. Kwenye mbuga iliyolowa, inayonyonya milimita moja tu kwa saa, litachukua zaidi ya wiki mbili. Mvua ya pili itakuta limejaa, na maji yatarudi uani kama vile shimo halipo.

Mtego wa kiangazi

Kipimo chenyewe hakina gharama. Chimba hadi kina ambacho shimo litafika, kisha hapo chini toboa kashimo ka sentimita 30 kwa 30. Kajaze maji, yaache yalowe usiku kucha, jaza tena asubuhi, halafu pima kwa rula yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya milimita 13 hivi, achana na shimo.

Hatua ya kulowesha usiku kucha ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayowaponza watu. Mbuga ikikauka hupasuka nyufa, na ukimwaga ndoo ya maji mwezi wa nane yanapotea mara moja. Fundi anasema, "Hapa panakunywa vizuri." Ikilowa, mbuga huvimba, nyufa hufunga, na maji hayana pa kwenda.

Hata kwenye luseni, shimo likae angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, na mbali na choo na kisima. Maji yapitie kwanza kwenye kashimo kadogo ka kutulizia mchanga, kanakosafishwa kabla ya kila msimu. Bila hako, matope yataziba mawe na kulisafisha shimo itabidi kulifukua lote.

Aliye mbugani afanyeje?

Anagawa mzigo. Simtanki la lita 2,000 linachukua nusu ya maji yale. Nusu nyingine inaingia kwenye mtaro mpana wa nyasi: urefu mita 10, upana mita 1.5 juu na nusu mita chini, kina sentimita 20. Huo unabeba lita 2,000. Sakafu yake iwe karibu tambarare, ipandwe ukoka, na mwisho wake utoke polepole kwenye mfereji wa barabara, si kwa jirani. Nao ukae mbali na ukuta, maana mbuga inayovimba na kusinyaa hupasua msingi.

Na pevingi? Zinapitisha maji pale tu ambapo viungo vyake vimejazwa kokoto ndogo na chini yake kuna kokoto zisizo na vumbi. Zikilazwa juu ya moramu iliyoshindiliwa na viungo kuzibwa kwa saruji, ua unageuka paa la pili: mita za mraba 40 zinaongeza karibu lita 2,000 kwenye mvua ileile.

Dalili ya kufeli haihitaji mtaalamu. Madimbwi yakibaki juu ya pevingi mvua ikiisha, viungo vimeziba. Na shimo likiwa bado na maji siku mbili baadaye, ama limejaa matope, ama lilichimbwa kwenye udongo usiolifaa.