Maharagwe mekundu: yatokote kwanza, polepole baadaye

Maharagwe mekundu makubwa, yale yenye umbo la figo, hayapaswi kuingia mabichi kwenye chungu cha umeme cha kupikia polepole. Yalowekwe, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe juu ya moto mkali mpaka yatokote kwa nusu saa. Baada ya hapo ndipo yapelekwe kwenye chungu. Tunalisema hili mapema kwa sababu anayeliruka huumwa, na huumwa siku ileile.

Jijini Kampala jambo hili halikuwa na haja ya kuandikiwa maoni. Maharagwe ya hapa yamepikwa miaka yote juu ya sigiri. Mama anayapakua kutoka kwenye gunia la Kalerwe au Owino, anayachagua mawe, anayaloweka, kisha anayaacha yatokote saa mbili au zaidi juu ya mkaa. Anayeuza kikomando kando ya barabara hufanya vivyo hivyo tangu alfajiri, na chapati zake hukutana na maharagwe yaliyochemka hasa. Kwa upishi huo sumu haipati nafasi. Lakini mkaa umepanda bei, na majiko ya umeme yameingia majumbani. Mengi kati ya majiko ya presha ya umeme yana kitufe kilichoandikwa `Slow Cook`. Mtu anayetoka kazini Nakawa huona hapo ahueni: asubuhi atie maharagwe na maji, abonyeze, arudi jioni akute chakula. Hatari iko hapo.

Ndani ya maharagwe haya kuna protini ya kundi la lektini, iitwayo faitohemaglutinini. Ni kinga ya mmea dhidi ya walaji wake. Ikiingia tumboni ikiwa nzima, hung'ang'ania sukari zilizo juu ya seli za ukuta wa utumbo na kuuvuruga. Aina nyingi za maharagwe zinayo, lakini mekundu yenye umbo la figo yanaongoza. Kwa kipimo cha maabara kinachohesabu jinsi protini hii inavyogandisha chembe nyekundu za damu, maharagwe mekundu mabichi hufikia vipimo 20,000 hadi 70,000, na yakiiva sawasawa hushuka hadi 200 au 400. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumwangusha mtu.

Dalili hazikawii. Kati ya saa moja na tatu baada ya kula, kichefuchefu huanza, kisha matapishi makali, kisha kuharisha na tumbo kukata. Wengi hupata nafuu ndani ya saa tatu au nne tangu dalili zianze. Muda huo mfupi ndio alama. Familia nzima ikitapika kabla vyombo havijaoshwa, kabla ya kulaumu nyama au mafuta, uliza maharagwe yalipikwaje. Mgonjwa anyweshwe maji yenye chumvi na sukari za pakiti zinazotolewa zahanati, kidogo kidogo. Akiwa mtoto mdogo au mzee, au matapishi yasipokoma, au damu ikionekana, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Waingereza walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1976 kundi la wavulana wa shule waliokuwa likizoni walikula maharagwe yaliyolowekwa usiku tu, bila kuchemshwa, wakaugua. Kuanzia mwaka huo hadi 1989, visa 50 vilivyoshukiwa kuwa vya maharagwe mekundu vilikusanywa na kuchambuliwa nchini humo. Baadhi ya walaji walikula punje mbichi kwenye saladi, na wengine walikula chakula kilichopikwa kwenye vyungu vya polepole. Hao wa pili ndio wanaotuhusu, kwa sababu walikuwa wamepika, na walidhani wamemaliza kazi.

Tatizo ni joto. Chungu cha polepole hakikuundwa kutokotesha. Hupanda taratibu kwa saa nyingi, na vipimo vilivyofanywa ndani ya chakula vimeonyesha kwamba mara nyingi katikati ya chungu hakuvuki nyuzi 75 za Selsiasi. Joto hilo halivunji lektini. Baya zaidi, maharagwe yaliyopashwa hadi karibu nyuzi 80 yanaweza kuonyesha sumu hata mara tano ya yale mabichi kabisa. Kwa hiyo mpishi aliyepika nusunusu anaweza kuwa amejiongezea madhara.

Tena jicho na vidole havisaidii. Bana punje mbili zilizokaa saa nane kwenye moto mdogo: ganda linateleza, ndani ni unga mtupu, mchuzi umekuwa mzito na mwekundu, harufu ni ya chakula kilichoiva. Wanga umelainika, na sumu bado ipo. Ulaini wa punje unakueleza habari za wanga tu. Habari za sumu utazijua kwa kukumbuka kama sufuria ilitokota, na kwa muda gani.

Kampala ina jambo lake la ziada. Mji huu umekaa karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mombasa na Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hata ukiongeza mkaa hayapandi zaidi. Kabale, ambako ni juu zaidi, huchemka kwenye joto la chini kuliko hapa. Ushauri wa Waingereza wa dakika kumi za kuchemsha uliandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hushauri dakika 30 ili kuwa na uhakika, na kwa mji wa milimani kama wetu hicho ndicho kipimo cha kushika.

Tuchukue nusu kilo ya maharagwe makavu. Jioni yachague, yaoshe, uyaloweke kwenye lita mbili za maji. Saa tano ndiyo chini kabisa. Usiku kucha ni bora. Asubuhi mwaga maji yote, suuza. Usiyatumie tena maji hayo hata kama yamechukua rangi nzuri, maana sehemu ya lektini imehamia humo. Tia maharagwe kwenye sufuria ya kawaida, ongeza maji mapya yapite juu ya punje kama vidole vitatu, weka juu ya moto mkali.

Sasa angalia, usitazame saa bado. Mwanzo vipovu vidogo hupanda pembeni, kisha povu jeupe lenye wekundu hufunika uso wa maji. Liengue kwa mwiko. Muda mfupi baadaye maji yote hupinduka, punje zinapanda na kushuka, na ukikoroga hayatulii. Hapo ndipo hesabu ya dakika 30 inaanza. Mkaa ukififia katikati na maji yakaacha kutokota, ongeza mkaa, kisha anza kuhesabu upya.

Nusu saa ikitimia, hamishia kila kitu kwenye chungu cha umeme kikiwa cha moto, pamoja na maji yake. Usitie maji baridi. Chungu kiwe kimejaa kati ya nusu na theluthi mbili: kikiwa na kidogo sana chakula hukauka, kikiwa na kingi mno katikati huchelewa kupata moto. Weka `HIGH` kwa saa tatu hadi nne, au anza na `HIGH` saa moja kisha `LOW` kwa saa sita hivi. Nyanya na ndimu zingoje mpaka punje zilainike, kwani uchachu hufanya ganda lake liwe gumu. Kifuniko kisifunguliwe ovyo. Kila ukichungulia, joto linatoroka na chungu huhitaji muda mrefu kulirudisha.

`WARM` si mahali pa kupikia. Kazi yake ni kushikilia chakula kilichokwisha iva kisishuke chini ya nyuzi 60, kwa sababu chini ya hapo bakteria huzaana, na baadhi yao huacha mbegu zinazovumilia kuchemshwa. Kwa sababu hiyohiyo, kiporo kisipashwe kwenye chungu hiki. Kichemshe kwanza kwenye sufuria, kisha ukitaka kirudi kwenye chungu kwa ajili ya kukaa moto.

Kama hukiamini chungu chako, kipime. Jaza maji nusu, weka `LOW`, funika, acha saa nane. Fungua, tia kipimajoto papo hapo. Kikisoma kati ya nyuzi 85 na 93, chungu ni kizima. Chini ya hapo kimechoka, kitolewe jikoni.

Na umeme ukikatika? Ukiwa nyumbani, hamishia chakula kwenye sigiri au gesi, umalizie hapo. Chakula kilichokwisha iva kinaweza kukaa saa mbili bila umeme. Lakini ukirudi jioni ukute saa ya jiko inawaka-waka, hujui umeme ulikuwa umekwenda kwa muda gani, mwaga, hata kama kinaonekana kimeiva. Inauma kumwaga nusu kilo ya maharagwe. Kukesha na watoto wanaotapika kunauma zaidi.

Mwenye jiko la presha la umeme ana njia fupi. Programu ya presha, ambayo majiko mengi huiandika `Beans`, hupandisha joto kupita nyuzi 105 hata hapa Kampala, na hapo lektini haina pa kujificha. Loweka, mwaga maji, pika kwa presha. Jiko lilelile likiwekwa `Slow Cook` bila kuchemsha kwanza, linakuwa hatari. Vitufe viwili vimekaa jirani, na kosa ni la kidole kimoja. Maharagwe ya kopo nayo yamekwisha pikwa kiwandani. Yanaweza kuingia chunguni moja kwa moja.

Ndiyo maana tunawaomba wauzaji wa majiko haya, na Shirika la Viwango la Uganda linalosimamia bidhaa zinazoingia sokoni, jambo moja dogo. Vitabu vya maelekezo huandikwa kwa ajili ya nchi za mbali, na vingi huishia kwenye sanduku. Kibandikwe kibandiko juu ya jiko, kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, karibu na kitufe chenyewe, kikisema: maharagwe yachemshwe yatokote dakika 30 kabla ya kupikwa polepole. Kaya nyingi za jiji hili hula maharagwe kila wiki. Mpishi anayebonyeza kitufe saa kumi na mbili asubuhi, mtoto akiwa mgongoni, hatafuti kitabu.

Hadi kibandiko hicho kipatikane, kanuni ni fupi na inakaa kichwani: moto mkali huua sumu, moto mdogo hulainisha. Moto mdogo haufanyi kazi ya moto mkali, hata ukiachwa siku nzima.