Pari ya mupira: juu ya nini anayeshinda anaendelea kushinda, na anayepoteza anazidi kupoteza?

Kila posho na yenga, kuanzia Uvira mpaka Bunia, vijana wanajaa mbele ya vibanda vya pari ya mupira. Hapo maneno mawili yanarudi kila mara. La kwanza ni la yule amepoteza: «Nimeanguka mara sita, sasa hii ya saba iko yangu.» La pili ni la wale wanaoangalia yule ameshinda: «Huyu iko moto, tufuate tiketi yake.» Maneno haya mawili yanapingana. Moja linasema bahati lazima igeuke, lingine linasema bahati itaendelea. Lakini yote mawili yanatoa makuta mufukoni.

Tuanze na la kwanza. Kule Italia kuko bahati nasibu ya serikali ambamo wanachomoa namba 5 kati ya 90. Namba 53 ya muji wa Venisi ilikaa karibu miaka miwili bila kutoka. Kadiri ilivyokawia, watu walizidi kuiwekea feza, wakisema imechelewa, sasa lazima itoke. Wengine waliweka akiba yote ya nyumba, wengine waliingia madeni, na magazeti ya kule yaliandika hata juu ya watu waliojiua. Ilitoka tarehe 9 Februari 2005, kisha kukosekana mara 182. Wakati huo watu walikuwa wameshaiwekea zaidi ya miliari 3 za euro.

Kosa lilikuwa wapi? Kila mara walipochomoa, namba 53 ilikuwa na nafasi 1 kati ya 18. Siku ya kwanza ilikuwa vile, na siku ya 182 ilikuwa vile vile. Mupira ulio ndani ya kifaa haujui kama jana haukutoka. Ni kweli kwamba ukihesabu siku nyingi sana, kila namba itatoka karibu sawa na zingine. Lakini hiyo haitokee kwa sababu bahati inalipa deni. Inatokea kwa sababu zile siku 182 zinamezwa na maelfu ya siku zinazofuata.

Sasa turudi kwenye mupira wa miguu, maana hapo jambo linajificha zaidi. Wachunguzi wawili wa chuo kikuu kimoja cha London, Juemin Xu na Nigel Harvey, walichukua pari zaidi ya 565.000 zilizochezwa na watu 776 kwenye mutandao mwaka wa 2010. Walitaka kujua: mutu akishinda mara nyingi mufululizo, anayofuata anashinda zaidi? Jibu lililotolewa mwaka wa 2014 liliwashangaza wengi: ndiyo. Kwa kawaida, watu hao walishinda mara 48 kati ya 100. Lakini wale waliokuwa wameshinda mara 6 mufululizo, pari iliyofuata waliishinda mara 76 kati ya 100. Na wale waliokuwa wamepoteza mara 6 mufululizo, iliyofuata waliishinda mara 23 tu.

Basi wale wa kwenye kibanda wana haki? Hapana. Wachunguzi waliangalia ni mechi za namna gani watu hao walichagua. Pembeni ya kila mechi kuko namba ambayo wachezaji wanaiita «kote»: ndiyo inaonyesha franga ulizoweka zitazidishwa mara ngapi ukishinda. Kote ndogo ni ya timu ambayo karibu kila mutu anajua itashinda. Kote kubwa ni ya timu ambayo ni vigumu ishinde. Wachunguzi waliona kwamba mutu aliyeshinda alianza kuogopa, akifikiri bahati yake sasa itageuka, ndiyo maana alichagua kote ndogo zaidi na zaidi. Aliyepoteza alifikiri zamu yake imefika, akapanda kwenye kote kubwa. Wa kwanza aliendelea kushinda kwa sababu alichagua mechi rahisi. Wa pili aliendelea kuanguka kwa sababu alichagua mechi ngumu. Mukosi na «shansi» hazikuingia hapo. Kila mutu alijitengenezea yake mwenyewe.

Lakini anayeshinda mara nyingi si lazima apate faida. Tuchukue mufano wa vijana wawili, na tuseme kampuni inajibakizia franga 10 kwa kila franga 100 zinazochezwa. Kila mmoja anacheza tiketi 100 za franga 1.000, maana yake ametoa franga 100.000.

Wa kwanza anapenda kote ya 1,25. Kwa hesabu hiyo atashinda tiketi karibu 72. Kila moja inamurudishia franga 1.250, jumla 90.000. Wa pili anapenda kote ya 5. Atashinda tiketi karibu 18, kila moja franga 5.000, jumla 90.000. Wote wawili wamepoteza franga 10.000. Lakini mutaani wa kwanza ataitwa mwenye «shansi», kwani watu wanamuona anashinda kila siku, na wa pili ataitwa mwenye mukosi. Na huyu wa pili akianguka mara 6 mufululizo, hakuna uchawi: kwa kote kama hiyo, karibu watu 3 kati ya 10 watakutana nayo kwenye tiketi zao 6 za kwanza tu. Tiketi ya saba itabaki na nafasi ile ile, 18 kati ya 100.

Mutu anaweza kuuliza: lakini timu si kama mupira wa bahati nasibu, ina wachezaji, ina kocha, ina nguvu ya kweli? Ni sawa. Mwezi wa Novemba 2025, Leopards waliondoa Kameruni kwa bao 1 kwa 0, kisha siku tatu baadaye wakaondoa Nijeria kwa penalti. Timu inaweza kweli kuwa katika hali nzuri. Shida ni kwamba kile kijana anajua, anayepanga kote anakijua pia. Timu ikishinda mara nne, kote yake inashushwa mbele ya mechi ya tano. Anayeikimbilia kwa sababu «iko moto» anainunua tayari kwa bei ya moto.

Kuko njia ya kujua kama mutu ameingia katika mutego huu. Achukue kaye, aandike kila tiketi kwa mistari mitatu: franga alizoweka, kote, na franga zilizorudi. Mwisho wa mwezi asihesabu ni mara ngapi alishinda, maana hesabu hiyo ndiyo inadanganya. Ajumlishe mustari wa kwanza, ajumlishe wa tatu, na aangalie tofauti. Kisha arudie mustari wa kote. Kama kote inapanda kila mara kisha kupoteza, ao kama franga anazoweka zinaongezeka siku anayofuta hasara, basi tayari anacheza kama watu wa namba 53: anangojea deni ambalo hakuna mutu anamudai.